Irekebishe: Kazi Tatu Ndani ya Neno Moja

Ujumbe unaingia usiku kwenye simu ya fundi picha. Ni picha ya zamani iliyopigwa kwa simu juu ya kitambaa cha meza, taa ya dari ikimeta kwenye pembe moja, na chini yake limeandikwa neno moja tu: "Irekebishe."

Mtumaji anajua anachokitaka, ila hajakisema. Huenda anataka mikunjo na madoa yaondoke. Huenda ameona picha ya jirani iliyotiwa rangi ikampendeza, naye anataka yake iwe hivyo. Au anamtaka mzee mmoja tu, atolewe katikati ya kundi na kuwekwa peke yake kwenye fremu ya sebuleni. Hizo ni kazi tatu, na kila moja inaifanyia picha jambo tofauti kabisa. Kukarabati ni kukifanya kionekane tena kile ambacho bado kimo kwenye karatasi. Kutia rangi ni kuongeza kitu ambacho karatasi haikuwahi kuwa nacho. Kukata ni kuondoa kilichokuwamo. Fundi anayeshika kazi bila kuuliza ni ipi kati ya hizo anaamua mambo ya ukoo usio wake, na mara nyingi ukoo wenyewe hugundua baada ya picha kukaa ukutani.

Tuchukue mfano wa picha moja, inayofanana na nyingi zilizomo kwenye maboksi na mikoba ya wazee. Ni nyeusi na nyeupe, ilipigwa studio miaka ya 1960, upana wake sentimita 13 na kimo chake sentimita 9. Ndani yake wamo watu wanane. Mume na mke wameketi vitini, mke amejifunga kisutu. Watoto watatu wamekaa chini mbele yao, na vijana watatu wamesimama nyuma. Weusi wake umegeuka hudhurungi, weupe umekuwa manjano. Mkunjo mmoja unapita katikati, juu ya magoti ya walioketi. Pembe ya juu kulia imechanika na kuondoka na sehemu ya kofia na sikio la kijana aliyesimama mwisho. Mtumaji ni dada mmoja. Msichana mdogo aliyekaa chini, wa kati katika wale watatu, ndiye bibi yake, na bibi bado yu hai.

Jibu la kwanza la fundi halihusu rangi wala mikunjo. "Habari za jioni, dada. Picha yenyewe, ile ya karatasi, iko wapi?"

Ana sababu ya kuuliza hivyo. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ili ipite haraka, na mara nyingi upande wake mrefu hubaki na pikseli zipatazo 1,600, yaani vile vitone vidogo vinavyoijenga picha kwenye kioo. Katika hizo 1,600, nusu nzima ni kitambaa cha meza. Kwa hiyo zile sentimita 13 za picha halisi zimebaki na pikseli 800 hivi. Uso wa mtoto aliyekaa chini una upana wa milimita 6. Katika ujumbe ule ni pikseli 37, na jicho lake halizidi vitone vichache vya kijivu. Hakuna mkono wa fundi wala programu itakayotoa jicho halisi humo. Zipo programu za simu zinazong'arisha nyuso kwa kubofya mara moja, na zikipewa uso wa namna hiyo huchora jicho safi, kope na midomo. Sura inayotoka hupendeza, lakini ni ya mtoto mwingine.

Picha hiyohiyo ikilazwa kwenye skana na kuskaniwa kwa pikseli 600 kwa kila inchi, upana wake unakuwa na pikseli zaidi ya 3,000, na uso wa yule mtoto unapata pikseli 140 hivi. Hapo macho yanaonekana yanakotazama. Kiasi hicho kinatosha pia kuichapa picha kwa ukubwa mara mbili ya ule wa asili bila kupoteza ukali wake. Nakala ya kuhifadhi huwekwa katika faili la TIFF, kwa sababu JPEG hupunguza taarifa kila inapofanyiwa kazi na kuhifadhiwa upya. Upande wa nyuma nao huskaniwa. Huko ndiko muhuri wa studio ulipo, na mwandiko wa kalamu, na pengine mwaka.

Asiye na skana karibu anaweza kupata nakala nzuri kwa simu. Aiweke picha penye mwanga wa mchana karibu na dirisha, mahali jua lisipopiga moja kwa moja, azime flashi, na aishike simu sambamba na picha ili pande zisipinde. Picha ijae kwenye kioo cha simu, meza isionekane. Kisha aitume kama dokumenti badala ya kuituma kama picha, maana dokumenti haipunguzwi.

Ipo hali moja ya kuwa nayo makini sana. Picha nyingi zilizokaa kwenye fremu kwa miaka katika joto na unyevu wa pwani huwa zimegandamana na kioo, kwa sababu utando wa juu wa picha ni jelatini, na jelatini ikipata unyevu hulainika na kushika. Ukiivuta, uso wa mtu unabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe inabaki mkononi. Picha ya namna hiyo huskaniwa ikiwa na kioo chake, na kioo husafishwa upande wa nje tu.

Sasa tuseme dada yule ameileta picha studio. Ukarabati unaanza kwa kuelewa kilichoiharibu.

Picha nyeusi na nyeupe za enzi hizo zimejengwa kwa chembe ndogo mno za madini ya fedha, zilizoshikwa ndani ya ule utando wa jelatini. Picha ilipokuwa ikisafishwa kwenye chumba cha giza, karatasi ilipitishwa kwenye dawa ya kuikaza isiendelee kubadilika, kisha ikasuuzwa kwa maji mengi ili dawa itoke. Kama kusuuza kulikuwa kwa haraka, au maji yalikuwa machache, mabaki ya dawa hiyo yenye salfa yalibaki ndani ya karatasi. Mwaka baada ya mwaka salfa huila fedha na kuigeuza kitu cha rangi ya manjano na hudhurungi. Unyevu na joto huharakisha kazi hiyo. Huanza kwenye sehemu zenye mwanga, kama kanzu, kitambaa cheupe au paji la uso, kwa kuwa huko chembe za fedha ni chache. Ndiyo maana picha iliyofifia huonyesha suruali nyeusi vizuri lakini kanzu imekuwa kama wingu lisilo na mikunjo.

Fundi huipima hali hiyo kwa macho na kwa namba. Kompyuta huupa kila mwanga namba kuanzia 0, weusi kamili, hadi 255, weupe kamili. Picha yenye afya hutumia karibu safu yote. Katika picha ya mfano wetu, sehemu nyeusi kuliko zote iko kwenye 70 na nyeupe kuliko zote iko kwenye 205. Yaani karibu nusu ya safu haitumiki, na ndiyo sababu kila kitu kinaonekana kama kiko nyuma ya vumbi. Kwenye programu kama GIMP, dirisha la Levels linaonyesha hali hiyo kwa mchoro, na fundi huvuta alama mbili: ile ya weusi hadi 70 na ile ya weupe hadi 205. Mara moja picha inapata uhai. Fundi mzuri hafiki mwisho kabisa. Huacha nafasi kidogo kila upande, kwa sababu akibana sana, ule mkunjo mdogo wa kanzu uliokuwa umenusurika unamezwa na weupe.

Kabla ya hapo lakini kuna hatua moja inayookoa saa nyingi. Picha iliyoskaniwa kwa rangi, hata kama ni nyeusi na nyeupe, ina tabaka tatu: nyekundu, kijani na buluu. Doa la manjano huonekana jeusi sana kwenye tabaka la buluu, na karibu halionekani kwenye tabaka jekundu. Kwa hiyo fundi huliangalia kila tabaka peke yake, akachukua lile jekundu na kulifanya msingi wa kazi. Sehemu kubwa ya umanjano na madoa ya chai au kutu huondoka bila kuguswa kwa brashi. Hii ndiyo sababu anayeskani picha nyeusi na nyeupe aiskani kwa rangi.

Unabaki mkunjo, na zile pembe. Mkunjo unaopita juu ya magoti na kisutu ni kazi ya uvumilivu tu. Fundi huchukua kipande kidogo cha kitambaa kilicho karibu na kukipandikiza juu ya mstari, sentimita kwa sentimita, akifuata nakshi. Hapo anajaza kwa ushahidi: nakshi ya kisutu hujirudia, kwa hiyo kilichopotea upande huu kinaonekana upande ule. Ukuta wa studio nyuma ya watu nao hujazwa bila shida.

Sikio la kijana ni jambo jingine. Halimo tena. Fundi anaweza kuchukua sikio la upande wa pili, kuligeuza na kulibandika, na watazamaji wengi hawatajua. Anaweza kuchukua kutoka picha nyingine ya kijana huyohuyo, kama ipo. Anaweza pia kusawazisha pale palipochanika kwa rangi ya ukuta na kuacha ionekane kwamba kipande hakipo. Njia zote tatu zinakubalika ilimradi mwenye picha ameambiwa. Ingekuwa jicho au mdomo, msimamo ungebadilika: kujaza sehemu hiyo bila picha nyingine ya mtu yuleyule ni kubuni mtu, na fundi mwaminifu hukataa.

Kuna njia rahisi ya mteja kugundua ukarabati uliopita kiasi. Aikuze picha na kutazama ngozi. Karatasi ya zamani ina chembechembe, na chembe hizo zinapaswa kuonekana sawa kwenye nyuso, nguo na ukuta. Uso ukiwa laini kama plastiki huku nguo ina chembe, mikunjo ya mzee na alama ya kovu lake vimefutwa pamoja na vumbi.

Tukija kwenye rangi, la kwanza la kueleweka ni kwamba kijivu hakikuhifadhi rangi yoyote. Kilihifadhi kiasi cha mwanga tu. Nguo nyekundu na nguo ya kijani zinaweza kuangukia kijivu kilekile. Zaidi ya hapo, baadhi ya filamu za zamani hazikuwa na hisia kwa mwanga mwekundu, hivyo nguo nyekundu ilitoka karibu nyeusi. Anayetia rangi hafichui kitu kilichojificha, anachagua. Swali ni kama anachagua kwa ushahidi au kwa kubahatisha.

Katika picha yetu ushahidi upo, lakini si kila mahali. Kisutu ni mfano mzuri. Ni kanga ya harusi yenye nakshi inayotambulika, na rangi zake za jadi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Anayeijua nakshi ile anaweza kuitia rangi kwa uhakika mkubwa. Kanzu nyeupe haina shida. Lakini shati la kijana wa kati, lenye kijivu cha wastani, lingeweza kuwa la buluu, kijani au hudhurungi. Hapo anayeweza kusema ni bibi, naye huulizwa kwa utaratibu: asionyeshwe kwanza picha iliyokwisha tiwa rangi, kwa sababu akiiona tu huenda kumbukumbu yake ikaifuata. Aulizwe akiwa na ile nyeusi na nyeupe mkononi. "Shikamoo bibi. Shati hili la kaka yako, unalikumbuka?" Akisema hakumbuki, shati liachwe katika rangi iliyopoa, isiyodai chochote.

Ngozi ndiyo inayoharibiwa zaidi. Rangi za ngozi zilizowekwa tayari kwenye programu nyingi huelekea kwenye wepesi na uwaridi, na watu wanane wa ukoo mmoja hutoka wote na ngozi ya namna moja. Fundi anayejali huomba picha za rangi za jamaa walio hai, akalinganisha, na kumpa kila mtu ngozi yake. Hii ni kazi ya saa kadhaa, na ndiyo inayotofautisha rangi iliyofanywa kwa heshima na ile iliyomwagwa tu.

Jambo la kutia rangi si geni kwa wapiga picha. Kabla filamu ya rangi haijaenea, studio zilitia rangi kwa mkono juu ya karatasi, waridi mashavuni, kijani kwenye nguo. Mteja aliiona brashi na alijua anachokinunua. Tatizo la leo ni kwamba rangi ya kompyuta huonekana kama picha ya rangi ya kweli. Aprili 2021 tovuti ya Vice ilichapisha picha za wafungwa wa gereza la S-21 la Kambodia, watu waliopigwa picha na utawala wa Khmer Rouge kabla ya kuuawa, zikiwa zimetiwa rangi na msanii mmoja wa Ireland. Watazamaji walipozilinganisha na picha za asili waligundua kwamba baadhi ya nyuso zilikuwa zinatabasamu, ilhali kwenye picha za asili hakuna tabasamu. Jamaa za marehemu walikasirika, serikali ya Kambodia ikataka ziondolewe, na tovuti ikaziondoa. Picha ya ukoo haina uzito wa ushahidi wa mauaji, lakini mlango ulioingiza tabasamu zile ni huohuo: mtu alipewa ruhusa ya kupendezesha, na hakuna aliyeuliza mipaka.

Kwa sababu hiyo rangi haipaswi kamwe kuwekwa juu ya nakala pekee iliyokarabatiwa. Hutengenezwa faili la pili, na la kwanza hubaki jeusi na jeupe.

Kukata ndiko kunakoonekana kuwa kudogo kuliko yote, na ndiko kunakoleta ugomvi. Mara nyingi hakuna hata aliyeamua kukata. Fremu ndiyo iliyoamua. Dada yule ameshanunua fremu ya sentimita 20 kwa 25. Picha yake ina upana wa 13 kwa kimo cha 9. Ili ijaze fremu hiyo bila kuacha nafasi, upana unaobaki ni sentimita 11 na robo tu. Lazima sentimita moja na robo tatu ziondoke, na zikikatwa upande wa kulia, zinaondoka na kijana mwenye kofia iliyochanika. Kwa jicho la haraka inaelekea kuwa suluhisho jema: sehemu iliyoharibika imeondoka, na kazi ya sikio imeepukwa.

Uamuzi wa namna hiyo umewahi kuiletea aibu taasisi kubwa. Januari 2020, shirika la habari la AP lilipiga picha ya wanaharakati watano vijana wa mazingira huko Davos, Uswisi. Ilipotolewa, aliyekuwa pembeni kabisa, Vanessa Nakate wa Uganda, Mwafrika pekee kati yao, alikuwa amekatwa. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kifundi: jengo lililokuwa nyuma yake lilivuruga mpangilio wa picha. AP iliomba radhi baadaye. Aliyekata alitazama jengo, hakutazama nani anaondoka nalo.

Fundi wa ukoo ana bahati kwamba anaweza kuuliza. Kijana wa pembeni ni nani? Katika mfano wetu ni kaka mkubwa wa bibi, aliyefariki kijana, na hakuna picha nyingine yake. Mjukuu hakujua. Kwake alikuwa tu mtu wa mwisho upande wa kulia.

Njia za kumbakiza zipo. Fremu ya sentimita 20 kwa 30 inakaribiana sana na umbo la picha. Kinachokatwa hapo ni milimita 3 hivi za kimo, ambazo ni sakafu na ukuta mtupu. Au fremu ileile ya 20 kwa 25 ibaki, na picha ichapwe nzima ikiwa na ukingo mweupe juu na chini. Anayemtaka mzee mmoja peke yake naye asikatazwe, ila akatwe kutoka nakala ya picha nzima, na mkato uache mabega na nafasi juu ya kichwa. Mkono wa mtu mwingine uliobaki begani mwake usifutwe bila kuulizwa.

Baada ya kuyapitia yote hayo, fundi humwandikia mteja ujumbe mmoja ulio wazi kabla ya kugusa chochote:

"Dada, picha nimeiskani. Naweza kufanya hivi. Kwanza, kuondoa umanjano, madoa na ule mkunjo, picha ibaki nyeusi na nyeupe; nyuso sitazigusa. Pili, sikio na kofia ya kaka wa kulia havimo, je, nisawazishe tu au una picha yake nyingine? Tatu, rangi: kisutu na kanzu nina uhakika navyo, mashati mawili sina, nitahitaji kumuuliza bibi. Nne, fremu uliyonunua itamkata mtu wa kulia. Nipe jibu la kila moja, na kila kazi ina bei yake."

Majibu yake yanarudi kesho yake, baada ya kuketi na bibi. Ukarabati ufanyike. Pale palipochanika pasawazishwe kwa rangi ya ukuta, sikio lisibuniwe. Fremu ibadilishwe iwe ya 20 kwa 30. Rangi ifanywe kwenye nakala ndogo ya kuwatumia jamaa; bibi amesema shati la kati lilikuwa la buluu, la pili hakumbuki.

Kinachokabidhiwa mwishoni ni mafaili manne: skani ya asili isiyoguswa, ya mbele na ya nyuma, nakala iliyokarabatiwa, na nakala ya rangi, ambayo kwenye ukingo wake wa chini imeandikwa mwaka iliotiwa rangi na kwamba shati moja ni la kukisia. Karatasi yenyewe inarudi ndani ya bahasha kavu, bila laminesheni, kwa sababu joto na gundi ya laminesheni haviondoki tena kwenye picha.